Kromi katika Viatu na Mikanda ya Ngozi: Inapodhuru na Namna ya Kujikinga

Mtu anaponunua kiatu cha wazi au mkanda wa ngozi katika masoko ya jiji la Arusha, huangalia rangi, ushanga, mshono na bei. Kitu kimoja hakionekani machoni, nacho ni namna ngozi yenyewe ilivyosindikwa. Siku chache baada ya kuvaa, wapo wanaoanza kujikuna juu ya mguu, pale hasa kamba inapokaa, wakadhani ni fangasi. Wapo pia mafundi ambao mikono yao imepasuka na kuwasha kwa miaka, wakadhani ni ugumu wa kazi tu. Mara nyingine chanzo ni kimoja, yaani madini yaitwayo kromi.

Katika sura hii tunaeleza kromi inavyoingia katika ngozi, inapobadilika na kuwa ya hatari, na yale ambayo fundi wa karakana ndogo na mlaji wanaweza kuyafanya. Tunaeleza pia gesi ya usindikaji inayoua kwa dakika chache, pamoja na vumbi linaloumiza pua na mapafu. Maelezo haya yanamhusu pia mlaji asiyekuwa fundi, kwa sababu karakana nyingi zimo ndani ya makazi ya watu, na maji yake hutoka yakapita mlangoni kwa jirani.

Madini moja, hali mbili

Ngozi ghafi ikiachwa huoza. Kusindika ni kuifunga ngozi kwa dawa ili isioze, isikauke kama ubao na isiyeyuke ikichemshwa. Njia ya zamani hutumia maganda ya miti yenye tanini. Njia ya kromi ilipata hataza nchini Marekani mwaka 1884, na mwaka 1893 ikarahisishwa kuwa ya pipa moja. Leo sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa kromi, kwa kuwa kazi ya majuma kadhaa humalizika kwa siku moja, na ngozi hutoka laini, nyepesi na yenye kustahimili maji ya moto. Ikitoka katika pipa huwa na rangi ya samawati yenye ukijani. Ndiyo maana wafanyabiashara huiita ngozi ya bluu.

Kromi inayouzwa kwa wasindikaji ni unga wa kijani uitwao salfeti ya kromi. Kromi iliyomo katika unga huo iko katika hali ya tatu. Hali hii haipenyi kwa urahisi katika ngozi ya binadamu, na madhara yake ni madogo kwa mtu ambaye bado hajapata mzio.

Kuna hali ya pili, inayoitwa kromi ya sita. Hii hupenya ngozi ya binadamu, huamsha mzio, hutoboa vidonda, na ikivutwa puani kwa muda mrefu husababisha saratani ya mapafu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chumvi zake huwa za manjano au za rangi ya machungwa. Fundi akiletewa unga wa rangi hiyo na kuambiwa kuwa ni dawa ya kusindika, asiupokee. Usindikaji wa leo hauuhitaji.

Swali la kujiuliza basi ni hili: ikiwa msindikaji anatumia unga wa kijani, kromi ya sita hutoka wapi hata ikakutwa katika kiatu? Jibu ni kwamba huzaliwa ndani ya ngozi yenyewe, baada ya kusindikwa, pale kromi ya tatu inapokutana na mambo yanayoigeuza.

Mambo yanayoigeuza kromi

Jambo la kwanza ni mafuta. Baada ya kusindikwa, ngozi hulainishwa kwa mafuta. Mafuta ya samaki, na mengine yanayochacha upesi, huungana na hewa na kuzaa vitu vinavyoigeuza kromi ya tatu kuwa ya sita. Jambo la pili ni magadi na amonia. Fundi hutia magadi kupunguza ukali wa asidi, au amonia ili rangi ipenye. Akizidisha, ngozi hupoteza asidi yake na mageuzi hurahisika. La tatu ni jua kali na joto kavu. Ngozi iliyoanikwa juu ya bati mchana kutwa, au kuwekwa karibu na jiko ili ikauke haraka, huathirika zaidi kuliko iliyokaushwa kivulini penye upepo.

Hapa Arusha mambo haya yana uzito wake. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na jua la mwinuko huo ni kali hata siku yenye ubaridi. Aidha, maji mengi ya visima na chemchemi kandokando ya Mlima Meru yana magadi kwa asili, mbali na floridi ambayo wakazi wanaifahamu kwa madoa ya kahawia ya meno. Msindikaji anayefuata vipimo vilivyoandikwa kwa maji ya mahali pengine, akasuuza ngozi yake kwa maji ya magadi bila kupima, anaweza kuipunguzia asidi kupita kiasi bila kujua. Kipimo chake ni rahisi: karatasi ya kupimia pH, ambayo hubadilika rangi ikichovywa. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe na pH ya kati ya 3.5 na 4. Yakizidi hapo, fundi aongeze asidi ya fomiki kidogo kidogo iliyokwisha kuchanganywa na maji.

Kinga nyingine inatoka hapa nchini. Miti ya miwati iliyopandwa Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianza mwaka 1949, hutoa unga wa tanini uitwao mimosa. Msindikaji wa kromi akimalizia kazi yake kwa mimosa, kiasi cha gramu 20 hadi 30 kwa kila kilo ya ngozi, tanini hiyo huzuia kwa kiasi kikubwa kromi isigeuke. Akitumia pia mafuta yasiyochacha upesi badala ya mafuta ya samaki, atakuwa ameziba milango miwili mikubwa.

Mlango mmoja zaidi hufunguliwa na watu wenye nia njema. Ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Klorini huigeuza kromi ya tatu kuwa ya sita moja kwa moja. Kwa hiyo viatu vya ngozi visisuguliwe kwa dawa hiyo, wala sakafu ya karakana yenye madoa ya kijani isisafishwe kwayo. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha.

Mzio wa kromi unavyotambulikana

Mzio wa kromi hauji siku ya kwanza. Mtu anaweza kushika ngozi za kromi kwa miezi au miaka bila shida, mwili wake ukijifunza polepole. Mwili ukishajifunza, hausahau. Kuanzia hapo, kiasi kidogo tu cha kromi huamsha muwasho ndani ya siku moja hadi tatu, na hali hiyo kwa kawaida huendelea maisha yote. Hata kromi ya tatu, ambayo awali haikumsumbua, sasa inaweza kumwasha ikiwa nyingi au jasho likiitoa katika ngozi.

Kwa fundi, dalili huanza nyuma ya kiganja, katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono. Kwa mvaaji, huonekana juu ya mguu kwa umbo la kamba za kiatu, na kwa kawaida miguu yote miwili. Nafasi kati ya vidole mara nyingi hubaki salama. Fangasi hupenda kuanzia hapo hapo, na hiyo ni tofauti ya kwanza ya kuangalia. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri: utaona weusi uliozidi, ngozi kuwa nene, magamba, na wakati mwingine malengelenge madogo yenye maji.

Mlaji anayeshuku kiatu chake akiache kabisa kwa majuma mawili hadi matatu. Upele ukitulia, kisha ukarudi ndani ya siku tatu baada ya kukivaa tena, kiatu ndicho cha kushukiwa. Hata hivyo, jaribio hilo halionyeshi kama ni kromi. Gundi, mpira wa soli na rangi pia huleta mzio wa namna hiyo. Uhakika hupatikana kwa kipimo cha viraka: mtaalamu hubandika mgongoni viraka vyenye dawa kidogo za aina mbalimbali, mojawapo ikiwa chumvi ya kromi ya asilimia 0.5, huviondoa baada ya siku mbili, na husoma matokeo tena siku mbili au tatu baadaye. Kwa wakazi wa Kanda ya Kaskazini, kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kiko katika Hospitali ya KCMC, Moshi.

Mgonjwa amweleze daktari kazi zake zote. Saruji nayo ina kromi ya sita, na fundi wa viatu anayefanya vibarua vya ujenzi anaweza kuwa aliupata mzio kwenye saruji, kisha viatu vikauendeleza. Tena glovu nyingi za ngozi zinazouzwa kwa ajili ya kazi nzito zimesindikwa kwa kromi. Mwenye mzio akizivaa ili kujikinga, anajifunga ugonjwa mkononi. Anayesindika au kupaka rangi avae glovu ndefu za mpira wa nitrili, zisizo na tundu, na azibadilishe pale zinapolowa kwa ndani. Kromi iliyofungiwa ndani ya glovu hudhuru kuliko mkono ulio wazi unaooshwa mara kwa mara.

Mfano: ngozi kumi za mbuzi

Ili kuona hatari ziko katika hatua ipi, tuchukue mfano wa karakana inayosindika ngozi kumi za mbuzi, ambazo kwa pamoja zina uzito wa kilo 15 baada ya kuondolewa manyoya. Mfano huu ni wa kuelezea tu, lakini vipimo vyake ni vya kawaida katika kazi hii.

Kwanza, manyoya huondolewa kwa chokaa pamoja na sodiamu salfaidi, vipande vya manjano au vyekundu hafifu vinavyonuka kama yai viza. Kwa ngozi kumi hutumika kiasi cha gramu 400. Mchanganyiko huu huunguza: ukiyeyusha nywele za mbuzi, utayeyusha pia ngozi ya mkono na kuumiza jicho. Maji yakirukia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha mtu apelekwe hospitali. Asitiwe siki, maziwa wala limau.

Hatari kubwa kuliko hiyo huja baadaye. Baada ya chokaa, ngozi hutiwa katika maji ya chumvi na asidi, mara nyingi asidi ile ile iwekwayo katika betri za magari, ili zipokee kromi. Salfaidi ikikutana na asidi, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Gramu 400 za salfaidi ya dukani zikigeuka zote, zinatoa lita zipatazo 75 za gesi hiyo. Chumba cha mita tatu kwa nne, chenye kimo cha mita mbili na nusu, kina hewa ya lita 30,000. Sehemu moja kwa tano tu ya gesi hiyo, yaani lita 15, ikijaa chumbani inafikisha sehemu 500 katika kila milioni ya hewa. Mtu anayevuta hewa ya namna hiyo mapafu yake hujaa maji, hupoteza fahamu, na anaweza kufa kwa muda mfupi.

Wengi hujiamini wakisema kwamba watanusa. Pua haitoshi. Gesi ikiwa kidogo hunuka sana. Ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni, huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani imekwisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia ndani ya mashimo, mapipa na mifereji. Kwa hiyo maji ya chokaa na maji ya asidi yasimwagwe kamwe katika shimo au mfereji mmoja, hata kwa siku tofauti. Ngozi zisuuzwe vizuri baada ya chokaa kabla ya kuguswa na asidi. Kazi ya asidi ifanyike nje au chini ya paa lisilo na kuta. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Meru hufanya mafundi wafunge milango na madirisha. Hiyo ndiyo miezi ya kuwa waangalifu zaidi. Na mtu akianguka ndani ya shimo au pipa, mwenzake asiingie kumtoa. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii gesi, na waokoaji wengi wamekufa juu ya waliotaka kuwaokoa. Aite watu, afungue milango yote, na apige simu Zimamoto namba 114.

Baada ya asidi huja kromi. Kwa kilo 15 za ngozi, asilimia 8 ni kilo 1.2 za unga wa kijani. Ndani yake kuna takriban gramu 200 za kromi yenyewe. Unga huu umiminwe polepole karibu na uso wa maji ili usitimke, na anayeumimina avae barakoa ya vumbi inayokaza usoni, ya daraja la N95 au FFP2. Ngozi zikishika asilimia 70 ya kromi hiyo, gramu 60 hubaki katika maji ya pipa.

Gramu 60 zinaonekana chache. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.05 za kromi kwa lita. Kwa hesabu hiyo, gramu 60 zinatosha kufikisha kiwango hicho katika lita milioni 1.2 za maji. Mifereji ya jiji huishia katika mito kama Naura na Themi. Themi huteremka kusini hadi kuingia Kikuletwa, na njiani wapo wakulima wanaomwagilia mboga. Kuchemsha maji hakuondoi kromi.

Namna ya kuyatunza maji hayo haihitaji mtambo. Njia ya kwanza ni kuyachuja na kuyatumia tena kwa kundi linalofuata la ngozi, ukiongeza unga uliopungua; fundi huokoa fedha pia. Yasipoweza kutumika tena, yatiwe ndani ya pipa peke yake, kisha iongezwe magnesia, au chokaa ikikosekana, kidogo kidogo huku yakikorogwa, mpaka karatasi ya pH ionyeshe kati ya 8 na 8.5. Yaachwe usiku kucha. Asubuhi, maji ya juu yatakuwa meupe na chini patakuwa na matope ya kijani: hayo ndiyo yenye kromi. Maji ya juu yakiwa bado na ukijani, kazi haijakamilika. Matope yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko na kukabidhiwa kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali kinachosimamiwa na NEMC. Yasitiwe katika mbolea wala kufukiwa bustanini.

Vumbi na moshi

Karakana nyingi hazisindiki. Hununua ngozi iliyo tayari na kushona. Huko hatari ya gesi haipo, lakini ipo ya vumbi. Ngozi inapopigwa msasa ili gundi ishike, au ukingo unaponolewa kwa mashine, hutoka vumbi jepesi linaloingia puani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limetamka kuwa vumbi la ngozi husababisha saratani ya pua. Ushahidi wa mapema ulitoka kwa watengenezaji viatu wa Northamptonshire, Uingereza, na ugonjwa huo ulijitokeza baada ya miaka mingi kazini. Pua inayoziba upande mmoja kwa muda mrefu au kutoa damu mara kwa mara ni sababu ya fundi kumwona daktari na kumtajia kazi yake.

Kinga hapa ni kuondoa vumbi kabla halijaruka. Fundi apige msasa karibu na dirisha au nje, upepo ukitoka nyuma yake. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hulirudisha vumbi hewani. Barakoa ya N95 ivaliwe wakati wa msasa. Nguo za kazi zibaki karakanani na zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Vipande vinavyobaki visichomwe. Joto la moto hugeuza sehemu ya kromi iliyomo kuwa kromi ya sita, ikabaki katika majivu na kupanda na moshi. Mafundi wasiwape jirani au mama ntilie vipande vya ngozi kuwashia jiko. Kwa sababu hiyo hiyo, tunawashauri walaji waache desturi ya kujaribu ngozi kwa kiberiti ili kuona kama ni halisi.

Mlaji anavyoweza kuchagua

Ipo njia salama ya kutambua aina ya usindikaji. Angalia ukingo uliokatwa. Ukiona katikati pana rangi ya samawati au kijivu chenye ukijani, hiyo ni ngozi ya kromi. Ukiona kahawia kutoka juu hadi chini, huenda ni ya tanini. Kwa kuwa rangi inaweza kupenya hadi ndani, mwombe fundi kipande kidogo kilichobaki, ukitie katika maji yanayochemka kwa dakika moja. Ngozi ya tanini hujikunja na kusinyaa. Ya kromi hubaki kama ilivyokuwa.

Ngozi ya kromi iliyotengenezwa vizuri haidhuru watu wengi, na jaribio hili halisemi kama kromi ya sita imo. Hilo hupimwa maabara. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 1, 2015, zinakataza bidhaa za ngozi zinazogusa mwili zikiwa na kromi ya sita ya miligramu 3 au zaidi kwa kilo ya ngozi kavu. Fundi anayeuzia watalii au wanunuzi wa nje ajue kipimo hicho, na akiwa na shaka awasiliane na Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lina maabara ya ngozi. Mlaji aliyekwisha thibitika kuwa na mzio achague ngozi ya tanini au kiatu kisicho cha ngozi, avae soksi zisizolowa, wala asivae kiatu kilicholowa jasho siku mbili mfululizo.

Jambo la mwisho ni vyombo. Mapipa ya plastiki na mifuko ya kilo 25 iliyokuwa na kemikali za ngozi isinunuliwe kwa kuwekea maji, mahindi au pombe, hata ikiwa imeoshwa. Uliza pipa lilikuwa na nini. Muuzaji asipojua, liache.

Wajibu na mahali pa kuuliza

Mwingizaji au muuzaji wa kemikali za viwandani anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Fundi anayo haki ya kudai karatasi ya maelezo ya usalama kwa kila kemikali anayonunua. Muuzaji anayepima unga kutoka mfuko usio na lebo hawezi kuitoa. Usalama wa mahali pa kazi, hata karakana ya watu wawili, unasimamiwa na OSHA chini ya sheria ya mwaka 2003. Mfanyakazi aliyeajiriwa akipata ugonjwa wa ngozi au mapafu kutokana na kazi, mwajiri wake anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ili madai hayo yasimame, aanze mapema: cheti cha daktari kitaje ugonjwa, kitaje kazi, na kitaje tarehe dalili zilipoanza.